Harufu nyumba nzima, kikombe kitupu

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi Iringa, mwezi wa sita, nilishikwa na mafua ya kunikalisha ndani siku tatu. Jirani aliniletea kishada cha mchaichai kutoka bustanini kwake. Nikaukunja wote kwenye sufuria, nikajaza maji, nikawasha jiko na kuacha yatokote bila mfuniko kwa nusu saa nzima. Niliamini kwamba dawa ikikaa motoni zaidi ndivyo inavyotoka zaidi. Harufu ilikuwa nzuri mno. Ilijaa jikoni, ikaingia sebuleni, ikatoka hadi kibarazani, na yule jirani akapita kuniambia kwamba leo nyumba yangu inanukia.

Nilipomimina nikakuta maji ya rangi ya nyasi zilizonyauka, yenye ladha ya nyasi zilizonyauka. Nikampigia bibi Muheza kulalamika kwamba mchaichai wa nyanda za juu hauna nguvu. Akaniuliza nimeuandaaje, nikamweleza. Akacheka. "Mjukuu wangu, sasa wewe umekunywa mabaki. Dawa yenyewe imevutwa na kuta."

Bibi hakuwa mganga. Alikuwa mkulima wa viungo, kwa hiyo maisha yake yote alishika mdalasini, iliki na karafuu. Jikoni kwake kulikuwa na njia mbili tu za kutoa kitu kwenye mmea kwa maji, na hakuzichanganya. Ya kwanza ni kuloweka: unachemsha maji peke yake, unayamwagia mmea, unafunika, unasubiri. Ya pili ni kuchemsha: mmea unaingia pamoja na maji ya baridi, vinapanda moto pamoja na kutokota polepole kwa muda. Watu wengi siku hizi huita zote mbili "kuchemsha dawa", na hapo ndipo mchaichai wangu ulipopotelea.

Tuanze na jani. Jani la mchaichai, la mrehani au la mnanaa ni jembamba, na mafuta yake yenye harufu yako karibu sana na nje. Kwenye mrehani na mnanaa yamekaa kwenye vijifuko vidogo juu ya ngozi ya jani, vidogo kiasi kwamba huvioni, lakini ukilipitishia kidole tu vinapasuka na harufu inakupanda. Kitu kilichohifadhiwa mlangoni namna hiyo hakihitaji nusu saa ya moto. Maji yaliyotoka kuchemka yanakifikia ndani ya dakika chache.

Tabu ni kwamba mafuta haya hayakai kwenye maji kwa hiari. Maji yakitokota, mvuke unapanda nayo. Ukitaka kuona jambo hilo likifanyika kwa makusudi, nenda Pemba, kwenye kiwanda cha makonyo kule Wawi, Chake Chake. Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Pale hupitishiwa mvuke, mvuke unabeba mafuta, kisha unapoozwa urudi kuwa maji, na mafuta yanajitenga na kukusanywa. Mimi jikoni kwangu Iringa nilikuwa na kiwanda kama hicho, ila mvuke wangu haukukusanywa na mtu. Harufu niliyokuwa naisifia ndiyo mafuta yenyewe yakiondoka.

Kwa sababu hiyo mfuniko kwenye kuloweka ni sehemu ya kazi. Bibi alikuwa akiufunua kwa kuuinamisha ili matone yaliyoganda chini yake yarudi ndani ya birika. Nilidhani ni ubahili wa watu wa zamani. Siku moja onja tone moja la chini ya mfuniko wa chai ya mnanaa, utaelewa alichokuwa anaokoa.

Vipimo vya kuloweka havina ugumu. Kwa kikombe cha mililita 250, kijiko kimoja cha chai cha majani makavu yaliyovunjwavunjwa kinatosha. Yakiwa mabichi weka mara mbili, kwa sababu sehemu kubwa ya jani bichi ni maji. Mchaichai mbichi mimi hutumia majani mawili marefu kwa kikombe, nikiyakata vipande vya urefu wa kidole na kuyaponda kidogo kwa mchi, maana ni magumu kuliko mrehani na mafuta yake yako ndani zaidi. Mwaga maji, funika, subiri dakika 10. Mnanaa na mrehani hutosheka na dakika 5 hadi 7. Maua makavu nayo huloweka hivyo hivyo. Choya, ambayo wengine huita rosela, hutoa rangi na ukali wake kwenye maji ya moto ndani ya dakika 10 bila kuhitaji jiko tena.

Ukizidisha muda, jani linaanza kutoa vitu vingine: uchungu, na ule ukakasi unaokausha ulimi kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Hiyo ni tanini. Watu wa pwani wameiweka kwenye jina la chai yao. Chai kavu, ile isiyo na maziwa, wao huiita chai ya mkandaa, na mkandaa ni mti wa mikoko ambao magome yake yana tanini nyingi kiasi cha kutumika kutengeneza ngozi.

Na hapa najua msomaji ameshaniandalia swali: mbona majani ya chai tunayachemsha kila asubuhi? Kweli tunayachemsha, na kwa kanuni yangu ni makosa. Lakini kwenye chai ya maziwa kuna mwamuzi. Protini ya maziwa hushikana na tanini, na ukakasi unapungua mdomoni. Ndiyo maana chai ya maziwa inavumilia kutokota, ilhali chai kavu iliyotokota dakika 15 inakunja uso. Anayekunywa chai ya mkandaa aloweke dakika 3 hadi 5, achuje, aondoe majani kabisa. Kuyaacha ndani ya birika ni kuendelea kuyaloweka hata kama umeshasahau.

Sasa chukua gome la mdalasini ulitumbukize kwenye kikombe hicho hicho cha maji ya moto kwa dakika 10. Utapata maji yenye harufu ya mbali ya mdalasini, rangi hafifu, na kijiti ambacho bado kina karibu kila kitu ulichokinunulia. Gome ni ngao ya mti. Limejengwa kuzuia maji yasipite, na mzizi mkavu umejazwa nyuzi na wanga. Maji ya moto yakimwagwa huanza kupoa papo hapo, na yanapofika ndani ya kipande kinene yameshakuwa vuguvugu. Hapa moto lazima uendelee kuwaka.

Kipimo ninachotumia ni kile cha kawaida cha vitabu vya mitishamba: gramu 30 za magome au mizizi mikavu, au gramu 60 za mibichi, kwa mililita 750 za maji, chemsha hadi zibaki 500. Magome na mizizi huvunjwa vipande vidogo kwanza, lakini si unga. Maji yawe ya baridi mwanzoni, ili vipande vilowe na kulainika huku joto likipanda. Yakianza kuchemka punguza moto mpaka uone vipovu vinapanda kimoja kimoja pembeni, kisha acha dakika 20 hadi 30. Mfuniko unaachwa wazi kidogo, kwa sababu safari hii tunataka maji yapungue.

Utajuaje kwamba zimebaki 500 bila kumimina na kupima kila mara? Mimina mililita 500 kwanza kwenye sufuria tupu, simamisha njiti ya mshikaki mpaka igonge chini, weka alama ya kisu pale maji yalipofika. Kisha ongeza zile 250, tia magome, washa jiko. Baada ya dakika 20 chovya njiti. Nilijifunza ujanja huu baada ya kuunguza tangawizi mara mbili nikiwa naangalia mpira sebuleni.

Wanaoishi milimani waongeze muda. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na hata uchochee moto namna gani hayapandi zaidi ya hapo. Moto mkubwa utakupa mvuke mwingi tu. Mdalasini ambao Muheza ulinitosha kwa dakika 20, huku naupa 30. Wanaopika maharage Iringa wananielewa.

Chombo nacho kina neno lake. Magome yana tanini, na tanini ikikutana na chuma inageuka nyeusi kama wino. Nimewahi kuchemsha magome kwenye sufuria ya chuma niliyorithi, nikapata maji meusi yenye ladha ya msumari, nikaanza kumshuku muuzaji bure. Kwa choya, ambayo ni chachu, nakwepa pia sufuria za alumini, maana uchachu hula alumini. Stili inafaa, enameli isiyobanduka inafaa, na chungu cha udongo kinafaa.

Kanuni ya "majani loweka, magome na mizizi chemsha" itakufikisha mbali, ila inakwama kwenye vitu vilivyo kati, na kwa bahati mbaya jiko la pwani limejaa vitu vilivyo kati. Karafuu ni ua ambalo halijachanua, likakaushwa mpaka likawa gumu kama msumari. Kwa ugumu ungesema chemsha, kwa mafuta ungesema loweka. Iliki ni mbegu ndani ya ganda. Shamari ni punje kavu. Tangawizi, ambayo wengi huiita mzizi, ni shina la chini ya ardhi lenye nyuzi na mafuta yenye harufu kwa pamoja.

Kwa vitu hivi niliacha kuuliza ni sehemu gani ya mmea, nikaanza kuuliza kinachotakiwa kimekaa wapi, na je, kinaruka na mvuke. Kipimo changu ni vidole na meno. Kisugue kwa vidole: harufu ikipanda mara moja, funika na usichemshe. Isipopanda, kivunje kwa kinu unuse tena. Ikipanda baada ya kuvunjwa, basi kilichokuwa kinazuia ni ganda tu, na kinu kimeshamaliza kazi ambayo ungeupa moto. Iliki na shamari ziko hapa. Zitwange zipasuke, zimwagie maji ya moto, zifunike dakika 10. Zikiwa nzima utaziloweka mpaka kesho. Na kama hata ukivunja hupati harufu ya maana, lakini ukitafuna unapata uchungu, ukali au ukakasi, hicho ni cha kuchemsha, kwa kuwa unachokitafuta hakiruki.

Tangawizi inajibu maswali yote mawili. Nilipima siku moja: gramu 20 za tangawizi mbichi iliyokatwa vipande vyembamba kwenye kila kikombe, kimoja nikamwagia maji ya moto na kufunika dakika 10, kingine nikachemsha dakika 20 kwa moto mdogo. Kikombe cha kwanza kilinukia kama ndimu na kilikuwa chepesi kooni. Cha pili kilikuwa na harufu ndogo lakini kilishuka na joto mpaka kifuani, na rangi yake ilikuwa ya manjano iliyokolea. Havikuwa na ladha ya kitu kimoja. Mafuta yenye harufu hutoka haraka na kuruka haraka, na ukali wake umeshikwa kwenye nyuzi na unahitaji muda. Joto lenyewe pia huubadilisha: ukali wa tangawizi mbichi ukipikwa sehemu yake hulainika na kuwa mtamu kidogo, na ukikaushwa huwa mkali zaidi. Ndiyo maana tangawizi kavu ya kahawa chungu inauma kuliko mbichi.

Kwa hiyo chai ya viungo, ile ya kila kitu kwenye sufuria moja, ni suala la nani aingie lini. Kwa lita moja ya maji ya baridi mimi huanza na gramu 30 za tangawizi iliyopondwa na kijiti kimoja cha mdalasini chenye urefu wa kidole, kilichovunjwa. Vinatokota polepole dakika 20. Karafuu 5 na iliki 6 zilizopasuliwa zinaingia zikiwa zimebaki dakika 3, mfuniko ukiwa umekaa sawasawa. Nazima jiko. Mchaichai unaingia mwisho kabisa, majani matatu yaliyopondwa, kwenye maji yasiyotokota tena, nafunika dakika 10, nachuja. Ukiviweka vyote mwanzoni utapata mdalasini mzuri, karafuu inayotawala kwa uchungu wake, na mchaichai uliohamia kwenye mapazia. Wachina, ambao dawa zao za asili nyingi huchemshwa, wana maelekezo maalumu yanayoandikwa pembeni ya dawa kama mnanaa: itiwe mwishoni.

Kwa Wachina hao hao ndiko kuna kisa kinachoonyesha kwamba njia ikikosewa mmea mzuri unaonekana hauna kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Tu Youyou alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria kwenye tiba za kale. Mmea wa artemisia ulionyesha dalili nzuri, halafu ukigoma, majaribio yakitoa matokeo yasiyolingana. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, na humo maelekezo yalikuwa kuchukua konzi ya mmea, kuuloweka kwenye maji, kuukamua na kunywa maji yake. Hapakutajwa moto. Tu akashuku kwamba joto ndilo lililokuwa linaharibu, akabadilisha njia na kutumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi. Oktoba 1971 sampuli yake namba 191 iliua vimelea vyote kwenye panya waliokuwa na malaria. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobeli. Dawa mseto tunayopewa zahanati inatokana na hapo.

Nasimulia hili kwa tahadhari, kwa sababu kuna watu huchukua kisa hiki na kuanza kunywa chai ya artemisia wakiwa na malaria. Artemisinini, ile dawa yenyewe iliyomo kwenye mmea huo, haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kiasi kinachoingia kikombeni hubadilika kutoka jani hadi jani. Dozi isiyotosha haiponyi, na inawafundisha vimelea kuizoea dawa. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo kwa malaria. Homa ikipanda, kapime. Kuloweka na kuchemsha vina mpaka huo: vinakupa kinywaji ambacho nguvu yake huijui kwa hesabu, na kukoleza si kupima. Mama mjamzito, mtoto mdogo au mtu anayetumia dawa za presha, kisukari au za kuzuia damu kuganda amuulize mfamasia kabla ya kuanza kunywa michemsho mikali kila siku.

Unga unaouzwa sokoni nao unachanganya watu. Magome yakishasagwa, kinu kimefanya sehemu kubwa ya kazi ya moto, kwa hiyo dakika 10 za kuloweka hutoa vingi. Lakini unga huchafua maji, na wa mdalasini una utelezi. Ukichemshwa unakuwa kama kamasi na kuziba chujio. Isitoshe, hujui ulisagwa lini, na mafuta yaliyokuwa yamefungwa ndani ya gome yamekuwa yakitoka tangu siku hiyo. Nanunua vijiti.

Kilichobaki hakikai. Cha kuloweka nikinywe siku hiyo hiyo au kilale kwenye friji mpaka kesho yake. Cha kuchemsha hufika siku mbili kwenye friji. Kikitoa vipovu bila kutikiswa, kikiota utando juu au kikianza kunuka kama togwa iliyopitiliza, kimwage. Kukichemsha upya si kukirudisha kilivyokuwa.

Jirani yangu wa mchaichai bado yupo, na bado ananiletea. Wiki iliyopita alikuja nikiwa nimeshazima jiko, birika limefunikwa na kitambaa juu ya mfuniko. Akasimama mlangoni akavuta pumzi, akaniuliza, "Leo hujatia mchaichai?" Nikamwambia akae kwanza, nikainamisha mfuniko, nikammiminia.